Gari ya Kuagiza au ya Dila? Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Bei, Spea na Waranti Kabla Hujalipa Arubuni

Nimekaa kaunta ya spea muda mrefu na kuna kitu kinajirudia mpaka kinaniuma. Mtu anaingia kashika shokapu mpya, boksi limeshafunguliwa, grisi ya fundi imeshagusa chuma, anasema "nimenunua ya Corolla, gari yangu ni Corolla, mbona haiingii?" Na alikonunua hawarudishi kitu kilichofunguliwa. Ukimuuliza alipokuwa ananunua hiyo gari alilinganisha nini na nini, anakwambia bei tu. Bei ya kwenye tangazo, sio hata ile aliyokuja kuilipa mwisho wa safari.

Nimeshaeleza hili mdomoni mara nyingi, na bado watu wanakosea palepale, kwa hiyo leo naliandika lote kwa mpangilio.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema gari ya dila namaanisha ile iliyoletwa na wakala rasmi wa kampuni kwa ajili ya soko la nchi unayoishi. Nikisema gari ya kuagiza namaanisha ile iliyotengenezewa soko la nchi nyingine, halafu mfanyabiashara au wewe mwenyewe mkaileta bila kupitia kwa wakala. Ni halali kabisa kama ushuru umelipwa na usajili umefanyika, na inaweza kuwa used au hata mpya yenye kilomita sifuri. Shida haiko kwenye uhalali, shida ni kwamba jina likiwa moja watu wanadhani na gari ni moja.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usianze bila hivi, maana kila hatua huko chini inavitumia.

- Picha inayosomeka ya kibati cha kiwandani cha gari unayotaka kuagiza, sio kile cha namba ya usajili. Kwenye Toyota nyingi kiko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Gari nyingine zina stika badala ya kibati, ni sawa.
- Namba kamili ya chesisi.
- Bei mbili zilizoandikwa, moja ya dila na moja ya muuzaji wa kuagiza, zote zikionyesha gharama mpaka gari iko barabarani na namba yake.
- Masharti ya waranti yenyewe, yale maandishi madogo, sio brosha yenye picha nzuri.
- Daftari au karatasi, na siku tatu au nne za kupiga simu bila haraka.

Muuzaji akigoma kukupa namba ya chesisi mpaka ulipe kwanza, tafuta mwingine. Gari ambayo huwezi kuitambua huwezi kuilinganisha na kitu chochote, utakuwa unanunua jina na rangi.

## Hatua ya 1: Soma kibati, sahau jina la gari

Gari nyingi duniani zina namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17, ndiyo inaitwa VIN. Ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, zimeachwa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Herufi 3 za mwanzo zinaonyesha mtengenezaji, na ya kwanza kabisa inaonyesha ukanda wa dunia: J ni Japani, W ni Ujerumani, L ni China.

Sasa gari iliyotengenezewa soko la ndani la Japani haina VIN ya 17. Ina namba fupi yenye kistari katikati, mfano `NZE161-7xxxxxx`. Kabla ya kistari ni kodi ya modeli, yaani herufi na namba zinazotambulisha aina ya gari, baada ya kistari ni namba ya gari yenyewe. Kwa hiyo ukiona kistari, tayari umejua: hii ilitengenezewa Wajapani, na mashine au mtandao unaodai tarakimu 17 utaikataa. Ikikataliwa hivyo usidhani kwamba gari ni ya wizi.

Andika vitu vinne kwenye daftari: kodi ya modeli, kodi ya injini, kodi ya giaboksi, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Hicho cha mwisho ndicho watu wanakikosea sana. Karatasi za usajili mara nyingi zinaonyesha tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza na sio ya kutengenezwa, na gari inaweza kukaa yadi miezi kadhaa ndiyo isajiliwe. Kama katikati ya mwaka huo kampuni ilibadilisha uso wa gari, unajikuta na karatasi za mwaka mpya na taa za mtindo wa zamani. Corolla Axio ilibadilishwa uso mwaka 2015, kwa hiyo "Axio ya 2015" peke yake haitoshi kukuuzia taa, lazima ujue mwezi.

Utajua umefaulu ukiweza kuielezea gari kwa simu bila kutaja jina lake, kwa kodi tu, na mtu wa kaunta akakwambia "sawa, nimeiona".

## Hatua ya 2: Hakikisha kama dila anauza mwili uleule

Hapa ndipo penye ugomvi wote wa spea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Japani kuna daraja la magari madogo ambalo gari isizidi upana wa milimita 1,700, ikizidi inapanda daraja. Kwa sababu hiyo kampuni zao zinatengeneza toleo jembamba la nyumbani na toleo pana la kuuza nje, na yote mawili yanaweza kubeba jina moja.

Chukua Corolla za miaka ya 2013 na kuendelea. Ile iliyouzwa na madila wa nchi nyingi, ukoo wa E170, ina upana wa milimita 1,775 hivi na kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,700. Ile ya Japani, Axio ya ukoo wa E160, ina upana wa 1,695 na kati ya ekseli ni 2,600. Sababu ni kwamba Axio ilijengwa juu ya msingi wa gari ndogo, Vitz, wakati E170 ina msingi wake tofauti. Yaani ni gari mbili za ukubwa tofauti zenye jina la ukoo mmoja.

Ukitaka kuthibitisha bila kipimo, hesabu nati za tairi. Axio ya kawaida ina 4, E170 ina 5. Ukiona hilo tu unaelewa mara moja kwamba habu, breki na shokapu za upande mmoja haziwezi kuwa za upande wa pili, na kwamba yule mteja wa shokapu niliyeanza naye hakuibiwa, aliomba spea ya Corolla na kweli akapewa ya Corolla.

Na usidhani haya ni mambo ya gari za zamani. Corolla iliyotoka Japani mwaka 2019 nayo imefupishwa na kupunguzwa upana kwa ajili ya barabara zao, ina urefu wa milimita 4,495 na upana 1,745, wakati ndugu yake wa nje ina urefu wa 4,630 na kidogo na upana 1,780. Ukiziona kwenye picha zinafanana kabisa, bampa la moja halikai kwenye nyingine.

Cha kufanya: chukua kodi ya modeli kutoka hatua ya 1, mpigie mtu wa spea wa dila, uliza hivi: "Kwenye gari mnazouza au mlizowahi kuuza hapa, kuna yenye kodi hii?" Usimuulize kama wana spea za gari fulani kwa jina, atakujibu ndiyo kwa moyo mweupe kabisa na jibu lake litakuumiza.

Majibu yako ya aina tatu. Wakisema ipo hiyohiyo, gari yako ya kuagiza ni pacha wa ya dila na ugumu unapungua sana. Wakisema mwili haupo ila injini ipo kwenye gari nyingine, basi upo katikati, injini itahudumiwa vizuri ila mwili utaagizia nje. Wakisema hakuna kabisa, maana yake kila kitu kitakuja kwa meli au ndege au kitoke kwenye gari iliyokatwa ili iuzwe spea, na hiyo ni bei pamoja na muda.

Onyo. Gari ya kuagiza ikiwa ya umeme, swali la kwanza sio spea, ni plagi ya kuchaji. China wanatumia GB/T, Ulaya CCS2, na Nissan Leaf za Japani zinachaji haraka kwa CHAdeMO. Ukinunua yenye plagi ambayo vituo vya kwenu havina, utabaki na adapta au kuchaji polepole nyumbani, na aplikesheni ya simu iliyofungwa kwenye soko la asili mara nyingi haifanyi kazi nje.

## Hatua ya 3: Pima spea sita, sio gari nzima

Huwezi kuulizia kila spea, na wala huna haja. Mimi nachagua sita kwa sababu kila moja inawakilisha kundi lake: chujio la oili, pedi za breki za mbele, shokapu ya mbele, taa kubwa ya mbele, bampa la mbele, na kioo cha mbele.

Mbili za kwanza ni za kuisha kila siku. Shokapu ni ya kila baada ya muda na inategemea barabara. Tatu za mwisho ndizo zinazokufa siku ya ajali, na hizo ndizo ambazo gari ya kuagiza inakuumbua.

Ingia kwenye katalogi ya spea kwa namba ya chesisi. Tovuti za Partsouq na Amayama zinakubali hata zile namba za Japani zenye kistari. Toa namba ya kiwandani ya kila spea na uiandike. Kwa Toyota namba ina makundi mawili ya tarakimu tano: kundi la kwanza linataja aina ya spea, la pili linataja ni ya gari ipi hasa. Pedi za mbele zinaanza na `04465`, shokapu ya mbele kulia inaanza na `48510`, kushoto `48520`. Kwa hiyo mtu akikwambia "namba zinafanana", angalia nusu ya pili. Nusu ya kwanza lazima ifanane, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Katalogi ikikuletea namba mbili kwa spea moja, usichague kwa kubahatisha. Pembeni kuna miezi ya uzalishaji, na hapo ndipo mwezi ulioandika kwenye hatua ya 1 unakulipa.

Kisha peleka namba hizo sita sehemu mbili, kwa dila na kwa duka la kawaida la spea, uliza vitu viwili tu: bei na siku ngapi mpaka ifike. Fanya hivyohivyo kwa gari ya dila unayoilinganisha nayo.

Nikupe picha ya matokeo yanavyokuwa kwa ile Axio ya `NZE161`. Injini yake ni 1NZ-FE, ambayo Toyota wameiweka kwenye gari nyingi sana ndogo, kwa hiyo chujio, plagi, beliti na hata pampu ya maji hazisumbui hata kama dila hajawahi kuuza Axio maishani mwake. Pedi na shokapu zinapatikana ukienda na namba, ukienda na jina unapewa za E170. Taa, bampa na kioo ndipo kasheshe inapoanza: dila hana kwenye mfumo wake, duka lina za kuchina au za gari zilizokatwa, na mpya ya kampuni inaagizwa Japani. Gari haijaharibika vibaya, imegongwa taa tu, lakini inakaa gereji inasubiri.

Kioo cha mbele nakisisitiza kwa gari za miaka ya karibuni. Zile zenye kamera nyuma ya kioo, ya breki za kujifunga zenyewe na kuangalia mistari, ukibadilisha kioo kamera inatakiwa kusawazishwa upya kwa mashine. Muulize dila kama mashine yake inasoma gari ya soko la Japani na kama atakubali kuifanyia kazi gari ambayo hakuiuza yeye. Wengine wanakubali bila neno, wengine wanakataa mlangoni, na ni bora ujue leo.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali la mistari sita lenye namba, bei na siku, kwa gari zote mbili. Kama spea tatu za ajali za gari ya kuagiza zinachukua zaidi ya wiki mbili au tatu na gari ndiyo inayokuingizia riziki kila siku, kwangu mimi hiyo inatosha kubadilisha uamuzi. Kama ni gari ya pili ya familia, unaweza kuvumilia.

## Hatua ya 4: Waranti, uliza maswali manne tu

Watu wanasema "gari ni ya Toyota, Toyota watanilinda". Sio hivyo. Waranti ya gari kwa kawaida inatolewa kwa soko fulani, na anayekuhudumia ni wakala wa soko hilo. Toyota ya Japani ina waranti ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari iliyouzwa Japani, lakini ukiivusha bahari wakala wa kwenu hana wajibu wa kuitambua, maana hakupata hata senti kwenye mauzo yake.

Maswali manne:

Nani ameandika waranti hii? Kampuni, wakala, au muuzaji mwenyewe? "Waranti ya injini na giaboksi miezi 3" ya muuzaji wa magari ya kuagiza ni ahadi yake yeye, inaishi kadri biashara yake inavyoishi. Sio lazima iwe mbaya, lakini isomwe kama ahadi ya mtu mmoja.

Saa ilianza kuhesabu lini? Hili linawakuta wanaonunua gari mpya ya kuagiza. Waranti inaanza siku gari ilipokabidhiwa au kusajiliwa mara ya kwanza, na gari nyingi za "kilomita sifuri" zilishasajiliwa kule zilikotoka ili ziruhusiwe kutoka nje. Unaambiwa ina waranti ya miaka 3, kumbe hata ingekuwa inatambulika kwenu, miezi kadhaa imeshaliwa kwenye yadi na kwenye meli.

Inalipa nini, na kazi ya fundi inalipwa na nani? Waranti ya kiwandani inafidia kosa la utengenezaji, hailipi vitu vya kuisha kama pedi, wiper na tairi. Ya muuzaji mara nyingi inataja injini na giaboksi halafu inanyamaza kuhusu sensa, kompyuta, kompresa ya easi na steringi ya umeme, ambavyo ndivyo vinavyosumbua gari za leo. Na ikisema italipia spea ila sio ufundi, kwa giaboksi hiyo ni nusu ya maumivu.

Inavunjwa na nini? Karibu zote zinadai sevisi kwa wakati na kumbukumbu zake. Ya dila inaweza kudai sevisi ifanyike kwake au kwa kiwango chake na oili iliyoidhinishwa. Ya muuzaji inaweza kudai urudi gereji yake tu. Kama yuko mbali na unapoishi, waranti hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Nilishawahi kuipata hii mwenyewe. Nilinunua gari ya kuagiza kwa muuzaji mmoja, nikapewa karatasi ya waranti miezi 6, mwezi wa nne giaboksi ya CVT ikaanza kutetemeka gari ikiondoka. Narudi naambiwa nilibadilisha oili ya giaboksi nje kwa hiyo imevunjika. Kweli karatasi ilisema hivyo, mstari wa mwisho, sikuusoma. Na fundi wangu alikuwa ameweka ATF ya kawaida badala ya oili ya CVT, kwa hiyo hata kama ningebishana nisingeshinda. CVT inataka oili yake iliyotajwa na kampuni, hakuna mbadala hapo.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kwa kila gari: "Kikiharibika kitu X, naenda kwa fulani, mpaka tarehe fulani, na ninalipa mimi kiasi hiki." Ukishindwa kuimaliza sentensi, basi kwenye hesabu andika waranti ni sifuri.

## Hatua ya 5: Tafuta rikoli ambazo hazijafanywa

Rikoli ni pale kampuni inapoita magari yarudi kurekebishwa kosa bure. Gari ya dila iko kwenye mfumo wake, unapigiwa simu. Gari ya kuagiza haipo, kampuni inamtafuta mmiliki wa kule ilikotoka, na barua inaenda kwa mtu aliyekwisha kuiuza zamani.

Mfano mzito ni eabegi za Takata. Kilichokuwa kinalipuka ndani yake ni ammonium nitrate bila kikausha unyevu, na miaka ya joto na unyevunyevu iliibadilisha mpaka ikawa inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kupasua chuma chake, vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa kwa hili. Rikoli yake ilikuwa kubwa kuliko zote za magari na iligusa kampuni nyingi, na angalia sababu yenyewe: joto na unyevu. Kwa hiyo gari iliyokaa sehemu ya baridi ikawa salama, ukiileta ukanda wa joto bila kurekebishwa unaongeza hatari.

Kampuni kubwa zina ukurasa wa kuangalia rikoli kwa namba ya chesisi. Kwa gari ya soko la Japani tumia ukurasa wa Japani wa kampuni hiyo, maana wa nchi nyingine hautaitambua namba yenye kistari. Ukikuta rikoli haijafanywa, mwambie muuzaji ifanyike kabla gari haijapanda meli, kule ni bure. Ikishafika kwenu inategemea wakala: wengine wanafanya bure kwa gari yoyote, wengine wanasema hawana spea za modeli hiyo.

## Hatua ya 6: Sasa ndiyo ufanye hesabu ya bei

Nimeiweka bei huku mwisho makusudi, kwa sababu bila hatua zilizopita huna namba za kuingiza.

Tufanye bei ya gari ya dila ikiwa barabarani ni 100, ili usifungwe na sarafu. Hizi ni namba za kuonyesha njia, weka zako. Gari ya kuagiza ya modeli inayokaribiana, yenye umri wa miaka mitatu hivi, imetangazwa kwa 40. Mtu anaona 40 kwa 100, moyo unaruka. Twende taratibu.

Nauli ya meli na bima ni 6, umefika 46. Kodi na gharama za bandari 26, umefika 72. Kuwa makini hapa, forodha nyingi zinatoza kodi juu ya bei ya gari ikijumlishwa na nauli na bima, na baadhi zina jedwali lao la thamani, hata risiti yako ikiwa ndogo kiasi gani wao wanatumia jedwali. Ulizia kwanza ndiyo uagize.

Gari imefika, inataka betri, tairi mbili au nne, oili zote zibadilishwe, na redio. Redio za Japani kwa muda mrefu zilishika FM kuanzia 76 mpaka 90, kwa hiyo stesheni nyingi za nchi zinazotumia 87.5 mpaka 108 huzipati, na menyu yote ni Kijapani. Weka 4. Sasa ni 76.

Halafu weka akiba inayochukua nafasi ya waranti uliyoandika sifuri. Mimi naweka 6 kwa miaka mitatu. Jumla 82.

Upande wa pili hesabu utauza shilingapi. Tuseme baada ya miaka mitatu ya dila unaiuza 58 na ya kuagiza unaiuza 44. Ya dila imekugharimu 42, ongeza sevisi za dila 9, inakuwa 51. Ya kuagiza imekugharimu 38, ongeza sevisi za gereji ya nje 6, inakuwa 44.

Umeona? Tofauti ya 60 uliyoiona kwenye tangazo imebaki 7. Bado ya kuagiza imeshinda, na mara nyingi inashinda kweli, sitaki kukuficha. Lakini hiyo 7 ni sawa na giaboksi moja au taa mbili na bampa vilivyoagizwa kwa ndege. Na kama pesa unakopa benki, angalia riba, wakopeshaji wengine wanatoa masharti nafuu kwa gari mpya ya dila na makali kwa ya kuagiza, hapo 7 inaweza kupotea yote.

Kinachoharibu hesabu hii ni kulinganisha gari ambazo sio saizi moja. Axio dhidi ya E170 ni gari ndogo dhidi ya gari kubwa kidogo, lazima ya Axio iwe rahisi. Rudi hatua ya 2 uone kama unalinganisha mwili uleule.

Utajua umefaulu ukipata namba moja ya tofauti, na ukiweza kusema ni spea gani ikiharibika mara moja inaifuta.

## Hatua ya 7: Arubuni, na masharti yake

Ukichagua ya dila, kabla ya kulipa andikisha mambo mawili: tarehe waranti inaanza, na ratiba ya sevisi kwa kilomita. Basi, mengine yapo kwenye kitabu chao.

Ukichagua ya kuagiza, karatasi ya arubuni iwe na namba ya chesisi yenyewe na sio "Corolla nyeupe 2015", iwe na mwezi wa kutengenezwa, iseme rikoli zimefanywa, na iseme pesa inarudi kama gari itakayoshuka melini ina chesisi tofauti. Nimeona watu wakipelekewa gari "inayofanana" na hawana karatasi ya kubishania.

Halafu, kama hatua ya 3 ilionyesha spea za ajali ni za kuagiza, agiza vioo vya pembeni na taa moja mapema wakati gari iko baharini, kwa namba. Vikae stoo. Mteja wangu mmoja, mama anayetumia gari kusambaza bidhaa madukani, alifanya hivyo baada ya kuona jedwali lake, na mwezi wa pili tu akagongwa taa ya kushoto. Alikuwa barabarani kesho yake.

Gari ikishafika, ile picha ya kibati ichapishe, pamoja na zile namba sita, ubandike ndani ya mfuniko wa droo ya mbele ya abiria. Picha nyingine ibaki kwenye simu. Fundi akikwambia "nitumie hela nikanunue pedi", mtumie picha kabla ya hela, na mwambie akanunue kwa `04465` na tarakimu tano zinazofuata, sio kwa jina la gari.